Hotipoti ya Mama Tausi

Kirumba, Mwanza
Jumapili mchana

Ndugu yangu Baba Koku,

Salamu nyingi kwako, kwa Mama Koku na kwa wajukuu wote hapo Bukoba. Mimi sijambo. Presha imetulia, mguu tu ndio unanisumbua mvua ikikaribia. Najua tangu Pasaka sijakuandikia, na ulipopiga simu mwezi uliopita nilikukatisha. Nisamehe, nilikuwa na watu. Na hili la leo haliwezekani kwenye simu. Dirisha langu na la Mama Tausi yanatazamana, unapajua hapa kwetu, na mimi tangu nifanye kazi chumba cha injini melini sijui tena kuongea kwa sauti ya chini.

Jambo lenyewe ni chakula.

Mama Tausi unamkumbuka, yule wa Nansio, aliyekesha jikoni siku zote za msiba wa mama watoto. Baada ya arobaini kila mtu alirudi kwake, ndivyo ilivyo. Yeye akaanza kumtuma mjukuu wake na sahani. Sikuona ajabu, jirani akipika humkumbuka mfiwa. Lakini sasa ni mwaka wa 3, Baba Koku. Kila siku saa moja na nusu jioni mtoto anagonga: "Babu, bibi amesema upokee." Ananipa hotipoti ya bluu, ile ambayo mfuniko wake ulipasuka ukashonwa kwa waya, anachukua ya jana, anateremka ngazi za mawe mbio. Chombo sirudishi kitupu. Natia ndimu za mti wangu, sukari nusu kilo, siku nyingine kipande cha sabuni ya mche.

Nilikuwa nakula na kushukuru, basi. Mpaka nilipoanza kuangalia ninachokula.

Mama Tausi anakaanga samaki pale kituoni, karibu na wale wa chipsi. Alfajiri anashuka Mwaloni na beseni, anachagua sato na vipande vya sangara, jioni anakaanga na kuuza. Angekuwa ananiletea waliobaki, ningejua tu. Samaki akirudishwa kwenye mafuta mara ya pili mkia unakauka kama ganda, na ngozi inakuwa na uchungu. Mimi naletewa mchemsho. Sato mzima, na nyanya, kitunguu na hoho, mchuzi mwepesi. Sasa samaki wa mchemsho hatoki kwenye karai. Lazima umtoe kwenye beseni bado mbichi, kabla ya kumchanja na kumpaka chumvi pamoja na wenzake, umweke pembeni useme huyu hauzwi. Na unafanya hivyo asubuhi, wakati hujui kama utauza vizuri au vibaya siku hiyo.

Tena chumvi hakuna. Kliniki waliniambia niipunguze sana kwa ajili ya presha, na mimi Mama Tausi sijamwambia kitu. Ila pembeni ya samaki pana ndimu imekatwa vipande viwili, ili ladha ipatikane bila chumvi. Ni ndimu zangu zilezile, zinanirudia. Nani alimwambia? Mtoto ameona vidonge mezani? Au ni Mama Koku, alipokuja mwaka jana?

Halafu likatokea la mwezi uliopita, ndilo lililoninyima usingizi. Ilikuwa wiki ya mbalamwezi. Wewe unajua mambo ya ziwa, mwezi ukiwa mpevu dagaa hawazifuati taa, wavuvi hawatoki, mboga ya bei nafuu inaadimika na kila kitu sokoni kinapanda. Mtoto alikuwa na homa, nikaamua kuirudisha hotipoti mwenyewe. Nikapiga hodi, nikaingia. Mama Tausi alikuwa chini kwenye mkeka, wanakula ugali kwa mapanki. Mifupa ya sangara, Baba Koku, ile inayobaki kiwandani minofu ikishatolewa. Alivuta kanga akalifunika bakuli, upesi, kama mtu aliyekutwa anaoga. Nikajifanya sikuona. Kumbe alikuwa tayari amenipakulia, hotipoti nyingine ilikuwa mezani, na nilipoifungua nyumbani nilikuta sato mwenye mayai.

Sikuweza kumla. Nilikaa naye pale mpaka akapoa.

Kesho yake nikakunja elfu kumi nikaiweka chini ya mfuniko. Jioni ikarudi chini ya mfuniko uleule, imefungwa kwenye nailoni isilowe mvuke. Hakutuma neno.

Unaweza kusema ni huruma tu, au ni tabia yake. Nami nilifikiri hivyo. Kuna yule mzee wa nyumba ya juu, aliyekuwa karani reli, naye ni mpweke kuliko mimi. Nikamuuliza mtoto kwa kuzungukazunguka. Naye hupelekewa, lakini Jumapili tu, na ni samaki wa kukaanga. Nimeyapima hayo mawili usiku mzima, kukaanga na kuchemsha.

Bado sijakwambia kubwa. Ni shikamoo. Miaka yote tunayoishi hapa ananiamkia, mimi nina 72, yeye hajafika 60, ni haki yake kuniamkia na yangu kuitikia marahaba. Tangu kiangazi kilipoanza ameacha. Asubuhi akipita na beseni lake anasimama kwenye mchongoma, anasema, "Umeamkaje, Baba Joni?" Umeamkaje! Mke wangu ndiye aliyekuwa akiniuliza hivyo. Siku ya kwanza nilikosa jibu, nikasema marahaba kwa mazoea, akacheka akaendelea kushuka. Lakini leo kanisani, mbele ya akina mama wa kwaya, aliinamisha kichwa: "Shikamoo, baba." Sasa nishike ipi, ile ya mchongomani au ya kanisani? Mtu akikuheshimu mbele za watu na kukuzoea mkiwa wawili, si ndiyo dalili yenyewe? Au aliona amevuka mpaka akarudi?

Nakwambia wewe tu, ikifika saa kumi na moja naanza kusikiliza ngazi. Nimeanza tena kunyoa ndevu kila siku. Sijamsahau mama watoto, picha yake iko pale pale, na jioni ninapofungua hotipoti naiona inanitazama, wala sioni kama inanilaumu. Hofu yangu ni nyingine. Nikisema neno na kumbe ni wema wa jirani, atafedheheka, hotipoti itakoma, na watu wa kwaya hawatamwacha. Nikinyamaza na kumbe anangoja, basi ninakula mtaji wa mwanamke kila jioni na yeye analamba mifupa, na mimi simpi hata neno.

Kwa hiyo naomba. Mama Koku anakuja harusini mwezi ujao, na Mama Tausi ni kama dada yake wa Ukerewe, wanazungumza Kikerewe chao. Mwambie asimhoji. Akae naye tu wakati anaparua samaki, mikono ikiwa na kazi mdomo hufunguka, na amsikilize ananitaja kwa jina gani.

Je, atakubali? Wewe ulipomuoa Mama Koku baada ya ule msiba wako, ulijuaje? Nani alitangulia kusema? Watoto walikupa shida? Joni wangu yuko Dodoma, nimwambie kabla au baada? Na shikamoo, Baba Koku, Mama Koku aliacha lini kukuamkia, kabla hujamposa au baada?

Nijibu mapema, na barua mpe mtu mzima wa melini, usimpe mtoto.

Nduguyo,
Baba Joni