Barua ya wazi kwa Waziri wa Leba: barua za kazi za Uingereza zikaguliwe kabla ya mtu kutoa pesa

Mheshimiwa Waziri,

Naendesha saiba Kisauni, Mombasa. Barua nyingi za kuajiriwa ng'ambo hupita kwangu kabla ya kufika popote pengine, maana mwenyewe hutumiwa kwa WhatsApp, kisha huja kuichapisha kwa rangi ili akawaonyeshe wazazi na wale anaotaka wamkopeshe. Nakuandikia kuhusu aina moja tu ya barua hizo, ile ya kazi ya kutunza wazee Uingereza, kwa sababu bado inawatoa watu pesa huku ilhali mlango wake ulishafungwa. Ombi langu ni kwamba barua kama hiyo ikaguliwe na afisa wa leba siku mtu anapoipokea, si siku anapobeba mkataba baada ya kuuza kila kitu.

Mwishoni mwa mwaka 2025 alikuja dada mmoja aliyesomea uuguzi msaidizi. Barua yake ilikuwa safi: nembo ya kampuni, jina la mkurugenzi, mshahara wa pauni 24,000 kwa mwaka, nyumba ya kukaa miezi mitatu ya kwanza. Ilikuwa ya mwezi Oktoba. Pamoja nayo alikuwa na karatasi nyingine yenye taji na muhuri mwekundu, iliyoandikwa juu kabisa "Certificate of Sponsorship", hati ya udhamini ambayo kila mtu huku anaiita CoS. Wakala wake alikuwa ameshapokea shilingi 40,000 na alikuwa akidai 85,000 zaidi za "kufungua CoS" kabla ya Ijumaa.

Tuliketi tukaichambua. Serikali ya Uingereza huweka wazi kwenye gov.uk orodha ya waajiri wote walio na leseni ya kudhamini wafanyakazi wa kigeni. Inaitwa "Register of licensed sponsors: workers", na husasishwa karibu kila siku ya kazi. Ni faili refu unalopakua bure. Lina jina la mwajiri, mji, kaunti, kiwango cha leseni na aina ya viza anayoruhusiwa kudhamini. Tulilitafuta jina la kampuni ile na tukalikuta. Mji ulikuwa sahihi, kiwango ni "A rating", na safu ya mwisho ilisema "Skilled Worker". Dada yule alishusha pumzi, na sikumlaumu. Watu wengi huishia hapo, na matapeli wanalijua hilo. Hawabuni kampuni siku hizi, wanaiba jina la kampuni iliyomo kwenye orodha.

Kwa hivyo tukaenda hatua ya pili. Barua pepe iliyotumiwa na "mkurugenzi" ilikuwa na jina la kampuni, halafu kistari, halafu neno la ziada mwishoni. Tovuti yenyewe ya kampuni haikuwa na anwani hiyo. Tuliitafuta kampuni hiyo pia kwenye Companies House, masjala ya makampuni ya Uingereza ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua bila malipo, tukaona majina ya wakurugenzi wake. Aliyetia saini barua hakuwa miongoni mwao. Kisha tukawaandikia wenyewe kwa anwani iliyo kwenye tovuti yao, si ile iliyo kwenye barua. Jibu lilikuja baada ya siku chache: hawaajiri mtu kutoka nje ya Uingereza, na hawakuwa wa kwanza kuuliza.

Lakini hata kama kampuni isingejibu, barua ilikuwa imejifichua kwa tarehe yake. Tangu tarehe 22 Julai 2025, Uingereza haipokei maombi mapya ya viza ya kazi ya utunzaji wa wazee na wagonjwa majumbani kutoka kwa watu walio nje ya nchi hiyo. Hakuna mwajiri, awe na leseni ya kiwango gani, anayeweza kumdhamini mtu aliyeko Mombasa kwa kazi hiyo. Barua ya Oktoba haikuwa na viza ya kuiendea, na ukweli huo mmoja ungetosha kumwokolea zile 40,000 kama mtu wa serikali yetu angemwambia mapema. Hakuna aliyemwambia. Yeye alikuwa amesikia kwa shangazi yake kwamba "kazi za wazee ziko nyingi", na mwaka 2023 kauli hiyo ilikuwa kweli.

Ile karatasi yenye muhuri nayo ilikuwa na kasoro. CoS ya kweli ni rekodi inayofunguliwa na mwajiri katika mfumo wa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza. Mfanyakazi hupewa namba yake, naye huijaza kwenye ombi lake la viza kabla miezi mitatu haijapita. Hailetwi kama cheti cha kuning'inizwa ukutani, na mfanyakazi hatozwi ada yake. Ada hiyo, pauni 525 tangu Aprili 2025, ni ya mwajiri, na tangu tarehe 31 Desemba 2024 mwajiri wa Skilled Worker haruhusiwi kumgeuzia mfanyakazi mzigo huo, wala ule wa leseni yake. Mwombaji hulipa ada ya viza, na hulipa mwenyewe kwenye gov.uk. Kwa hivyo anayekuambia umtumie pesa za CoS kwa namba yake ya M-Pesa ama ni mwizi, ama anamfanyia kazi mwajiri anayevunja sheria za nchi yake. Kwa vyovyote vile humfuati.

Wakala mwenyewe alisema ana leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, akatuma picha ya cheti. Nilifungua neaims.go.ke, na jina la shirika lililo kwenye picha lilikuwapo kweli. Tulipiga simu ya shirika hilo, si ya wakala, na waliopokea hawakuwa wamewahi kumsikia. Yaani hila ya Uingereza na hila ya Kenya zilikuwa ni moja: azima jina la mwenye leseni, badilisha simu na anwani. Ndiyo maana kumwambia kijana "angalia kama wakala yuko kwenye orodha" hakumkingi. Anayeazima jina huwa ameliazima kutoka kwenye orodha hiyohiyo.

Mheshimiwa Waziri, sheria tunayo. Kifungu cha 83 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinataka mkataba wa kazi ya nje uandikwe kwa fomu iliyowekwa, utiwe saini na pande zote, na uthibitishwe na afisa wa leba. Kifungu cha 86 kinamfanya mkosaji yeyote anayemshawishi mtu atoke nchini kwa kazi bila mkataba wa namna hiyo. Ni ulinzi mzuri, ila unakuja mwisho wa safari. Afisa huona mkataba wakati mtu ameshalipa wakala, ameshapimwa afya, ameshachukua cheti cha tabia njema na pengine ameshaacha kazi aliyokuwa nayo. Na aliyetapeliwa hafiki mbele ya afisa kabisa, kwa sababu hana mkataba wa kuthibitishwa. Dada yule alipokwenda kulalamika, kituo kimoja kilimwelekeza afisi nyingine, na huko akaambiwa alete mkataba.

Naomba basi kila afisi ya leba ya kaunti, na dawati moja katika kila kituo cha Huduma, ipokee barua ya ajira ya ng'ambo na kuikagua bure kabla ya malipo yoyote. Kazi hiyo si ya ujasusi. Yote niliyoeleza tuliyafanya kwa kompyuta moja ya saiba, na kilichochukua muda ni kungoja jibu la kampuni. Afisa anayeandika kwa barua pepe ya serikali atajibiwa haraka kuliko mimi. Akimaliza, ampe mtu karatasi yenye tarehe inayosema mambo matatu: kama mwajiri amethibitisha kwamba barua ni yake, kama viza ya kazi hiyo bado iko wazi kwa mtu aliye Kenya, na kama wakala anatambuliwa na shirika analodai kuliwakilisha. Karatasi hiyo iwe na kikomo cha siku chache, kwa sababu hali ya Uingereza hubadilika.

Nasisitiza jambo la kikomo kwa sababu hata leseni ya kweli hufa. Kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 Uingereza ilifuta leseni zaidi ya 470 za waajiri wa sekta hiyo ya utunzaji. Waliokuwa wamekwenda kihalali, kwa CoS halali, walijikuta hawana mdhamini, na kwa kawaida mtu wa aina hiyo hupewa siku 60 kupata mwajiri mwingine au kuondoka. Kwa hivyo afisa asitazame tu kama jina limo kwenye orodha. Aulize pia mwajiri ana wagonjwa au nyumba ya wazee kweli, saa ngapi za kazi kwa wiki zimeandikwa, na nani alimhoji mwombaji. Dada yule hakuwa amehojiwa na mtu yeyote. Mwajiri anayetaka kumkabidhi mtu mzee wa watu bila hata kuzungumza naye kwa video dakika ishirini, huyo mimi simwamini hata karatasi zake zikiwa kamili.

Njia nyingine bado ziko, na watu wanazihitaji. Muuguzi aliyesajiliwa bado anaweza kudhaminiwa. Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa wahudumu wa afya Julai 2021, na uajiri kupitia mawakala unatakiwa ufuate mkataba huo. Muuguzi anaweza pia kuomba mwenyewe nafasi zilizotangazwa kwenye jobs.nhs.uk bila wakala yeyote. Wizara yako ingetangaza kwa Kiswahili redioni, kila mabadiliko yanapotokea, ni kazi gani ziko wazi na zipi zimefungwa, wale wanaouza nafasi za kazi zilizofungwa wangekosa wateja.

Nimemalizia na yule dada. Hakutuma zile 85,000. Zile 40,000 za kwanza hazijarudi, kwa kuwa wakala hakuwa na leseni, na kwa hivyo hakuna dhamana ya wakala inayoweza kukamatwa ili alipwe. Barua, picha ya cheti, namba ya simu na ujumbe wa M-Pesa vyote ninavyo nakala zake, kwa idhini yake. Afisa wako akivihitaji, nitavileta mwenyewe afisini siku yoyote ya kazi.

Wako mwaminifu,

Mwenye saiba, Kisauni, Mombasa