Zile lenzi za bi harusi, msizifungue kwanza

Shoga yangu Mwana,

Salamu nyingi, na unisamehe kwa kimya. Sisi wazima. Mtoto kaota meno mawili na sasa anang'ata kila anayembeba, wageni hawabagui. Mama Sele anakusalimu, na bado anadai lile sufuria, mimi simo.

Haya, picha zako za maboksi ya lenzi za kuvaa machoni. Nilizitazama juzi usiku kwenye simu, nikaona mbona sawa tu, nikalala. Leo dukani nikazifungua kwenye kompyuta, nikazikuza, basi hata chai ikapoa. Mwambie mpambaji asifungue foili hata moja. Boksi la kijivu mlilokwisha kulifungua liacheni hivyo hivyo, mtalihitaji.

Nikueleze nilichokiona, maana najua utaniambia "lakini zinafanana kabisa na za dada wa Nyali".

Tazama pale palipoandikwa LOT. Hiyo ni namba ya toleo. Kiwanda hutengeneza lenzi kwa mikupuo, na kwa kawaida mkupuo mmoja ni wa rangi moja na nguvu moja. Sasa wewe umenipiga picha maboksi manne: la kijivu la bi harusi lenye nguvu ya -2.00, na ya kahawia na kijani ya wasichana yenye 0.00. Yote manne yameandikwa LOT 4071852. Shoga, ni kama kuambiwa maandazi na chapati vimetoka karai moja, saa moja. Hapo tu ningeyarudisha.

Lakini nikaendelea, unanijua. Namba ya boksi lazima iwe ndiyo hiyo hiyo iliyopigwa juu ya foili ya kila kijikopo, na tarehe ya mwisho vilevile. Boksi lenu la kijivu linasema EXP 2028/09. Foili zilizotoka humo ndani zinasema LOT 3966210, EXP 2027/03. Nikachukua simu nikaskani kile kialama cha mraba chenye vidoti ubavuni mwa boksi, moja kwa moja kwenye kioo cha kompyuta. Mle ndani tarehe huandikwa baada ya tarakimu 17, kwa mwaka, mwezi na siku. Yenu ikasoma `17270331`, yaani tarehe 31 Machi 2027, na baada ya 10, panapokaa namba ya toleo, ikatoka `3966210`. Umeona? Maandishi ya boksi yanasema hivi, kialama na foili vinasema vile. Aliyesogeza tarehe mbele alikumbuka kubadilisha maandishi, kialama akakiacha, kwa kuwa macho ya mtu hayakisomi.

Inawezekana foili ni za kweli, zikavishwa boksi jipya ili ziuzike. Inawezekana nazo ni za kughushi. Ila boksi lenyewe sina shaka ni la kughushi, na chapa nayo inashuhudia. Ile miaka minne niliyokaa kiwanda cha maboksi Chang'ombe kabla sijahamia kwenye miwani haikwenda bure (mshahara ndio ulikwenda bure). Boksi halali, maandishi madogo meusi hupigwa kwa wino mweusi mtupu, kingo zake zimekatika vizuri. Mtu akiskani boksi na kulichapa upya, ule weusi huundwa kwa vidoti vya rangi vilivyopangana, na herufi zinakuwa na ukungu pembeni kama wanja uliotoka jasho. Yale maelekezo yenu ya chini yako hivyo hivyo. Halafu LOT na EXP halisi hupigwa mwisho, na mashine nyingine, kwa hiyo huonekana kabisa kuwa ni chapa ya pili: pengine imekaa upande kidogo, pengine herufi zake ni za nukta nukta. Kwenu zimo ndani ya picha ile ile ya boksi, wino mmoja na mengine yote.

Ila nisikudanganye: watsapu hubana picha, na picha iliyobanwa hutia ukungu hata kwenye boksi zuri. Ndiyo maana kwa chapa peke yake nisingemhukumu mtu. Nitumie tena kama dokumenti, siyo kama picha, boksi likiwa karibu na dirisha.

Kuhusu sili, zima taa ya chumba, uwashe tochi ya simu na kuilaza ubavuni mwa kijikopo. Utaona pete inayozunguka shimo, pale foili ilipobanwa kwa joto. Inatakiwa iwe ya upana mmoja, isikatike popote. Kwenye picha yako ya tano kuna kunyanzi linaloikata pete hiyo kutoka nje mpaka ndani, na nadhani naona tone nje ya pete, ila huenda ni mwanga. Bonyeza foili taratibu kwa kidole gumba. Ukiona unyevu unatoka kwenye ukingo, hapo hakuna usafi tena hata kama lenzi ni ya kweli. Kipovu cha hewa ndani peke yake kisikutishe, kinakuwemo.

Chupa ya maji ya kuoshea sijaimaliza. Boksi la chupa lina namba ya toleo, chupa yenyewe umenipigia upande wa mbele tu. Mimi nilishauziwa chupa hapa mjini, boksi safi, namba za chupa zikawa nyingine, na pale palipokuwa na tarehe paling'aa tofauti, kama pamepitishwa thina. Nilikwisha kuitumia siku mbili. Sikupata kitu, lakini yule mteja wetu wa ghorofani alipata kidonda kwenye kioo cha jicho, na miezi mitatu baadaye alikuwa bado anavaa miwani ya jua ndani ya nyumba.

Muuzaji atakuambia namba hiyo ipo, ni ya kweli. Anaweza kuwa anasema kweli, kwa kuwa namba halali nayo hunakiliwa. Waandikie watengenezaji, uwape jina la bidhaa, LOT, EXP na nguvu, uwaulize kama hayo manne yaliwahi kutoka pamoja. Na bi harusi hata akipata lenzi halali, apimwe kwanza. Ile BC 8.6 kwenye boksi ni mkunjo wa lenzi, na jicho lake hatujui linataka mkunjo gani.

Nisiendelee, wateja wananitazama. Nijibu haya: kuna yeyote aliyekwisha zivaa kwa majaribio? Jicho likiwa jekundu, likiuma au likikimbia mwanga, azitoe na aende kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo, na foili aende nazo. Chini ya chupa pameandikwa nini? Pete ya kifuniko ilikatika ulipoifungua, au ilizunguka tu? Muuzaji alikupa risiti, au ndiyo yale ya "tuma kwa namba hii"? Harusi ni Ijumaa au Jumamosi, maana kadi yangu inasema hivi na Kaka Dula anasema vile? Na sufuria la Mama Sele analo nani, niambie mimi tu?

Wako,
Zuhura