Barua ya wazi kwa vijana mnaochanga mtaji: pigeni hesabu ya mrabaha kwanza

Wanangu,

Nimesikia kwamba kikundi chenu kimegawanyika: wengine mnataka kununua leseni ya kuendesha duka chini ya jina la kampuni inayojulikana, wengine mnataka kubuni biashara ambayo bado haijafanywa na mtu. Kabla ya kupiga kura, naomba mtazame jambo moja ambalo wauzaji wa leseni hulipitia harakaharaka, nalo ni mrabaha, yaani malipo ambayo mwenye leseni huendelea kuilipa kampuni kwa kutumia jina lake.

Mrabaha kwa kawaida hukatwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Tuseme duka linauza 100 kwa mwezi, bidhaa zimegharimu 65, na pango, mishahara na umeme ni 22. Mwenye duka lake mwenyewe hubaki na 13. Mwenye leseni anayetozwa mrabaha wa asilimia 6, pamoja na asilimia 2 za mfuko wa matangazo, hubaki na 5, na hapo hajagusa rejesho la mkopo wala ada ya kujiunga. Mauzo yakishuka hadi 90, pango halishuki: wa kwanza hubaki na 9.5, wa pili na 2.3 tu. Kwa hesabu hiyohiyo, ili mwenye leseni naye apate 13, lazima auze karibu 130. Basi swali la kuuliza ni kama jina lile litawaletea wateja wa kuongeza mauzo kwa takribani asilimia 30, au litawapunguzia bei ya bidhaa kiasi cha kufidia pengo hilo. Wakati mwingine huweza. Lakini mkataba ukiwalazimisha kununua bidhaa kwao peke yao, kwa bei waipangayo wao, hiyo 65 yenyewe itapanda.

Majibu msiyatafute kwa wenye maduka mnaopelekwa kuwaona, kwa sababu hao wamechaguliwa. Watafuteni waliofunga au waliokataa kuhuisha mkataba, muwaulize mauzo ya mwaka wao wa kwanza, na kama kampuni iliwahi kufungua tawi jingine karibu nao.

Walio upande wa ubunifu nao wasishangilie mapema. Hawatalipa mrabaha, ila watalipia kutojua: bei isiyokubalika, bidhaa zinazolala rafuni, miezi ya kumweleza mteja kitu ambacho hajawahi kukihitaji. Gharama hiyo haiandikwi kwenye mkataba wowote, kwa hiyo huzidi makadirio.

Mimi ningeanza na njia ambayo hamkuitaja, yaani duka la aina iliyozoeleka, lisilo na leseni ya mtu, ambalo mfumo wake mnaweza kujifunza kwa kuajiriwa humo kwa muda. Wazo lenu jipya liwekeni kwenye rafu moja ya duka hilo, mkilitengea fedha ambazo zikipotea zote pango bado litalipika, na mkubaliane mapema ni mauzo ya kiasi gani, kufikia tarehe gani, yatakayowafanya mliongezee nafasi au mliondoe.