Mazoezi ya usaili: udhaifu, tishio, hatari

Habari zenu wanakikundi. Kesho mfanye mazoezi wawili wawili kwa mfano wa shambulio la WannaCry, Mei 2017.

Mwalimu: Udhaifu ulikuwa upi?
Mwanafunzi: Kasoro ya SMBv1, itifaki ya kushirikishana mafaili kwenye Windows. Kiraka cha Microsoft cha kuiziba, MS17-010, kilitoka Machi, ila mashine nyingi hazikuwekewa.
Mwalimu: Na tishio?
Mwanafunzi: Wahalifu waliosambaza programu inayofunga mafaili na kudai fidia.
Mwalimu: Basi kila mashine ilikuwa na hatari ileile?
Mwanafunzi: Hapana, mwalimu. Kompyuta ya majaribio iliyotengwa na mtandao ina udhaifu uleule, lakini ni vigumu kufikiwa na hasara yake ni ndogo. Seva ya hospitali yenye poti 445, inayotumiwa na SMB, ikiwa wazi kwenye mtandao, hatari yake ni kubwa mno.

Jibu hilo la mwisho msiliharakishe, ndipo wengi hukwama.