Tunaomba mtaje na siku ya wiki kwenye matangazo ya kazi

Mhariri, salaam.

Naandika kutoka Bwisya, kisiwani Ukara, Ukerewe, na hii barua nimeikaa nayo karibu wiki mbili maana nilitaka niiandike nikiwa nimetulia. Inahusu matangazo ya kazi, ya kwenye gazeti na ya redioni, na sisi tunaoyapata kwa kuchelewa au nusunusu. Gazeti likitoka Mwanza linakuja na meli mpaka Nansio, toka Nansio linapakiwa kwenye gari mpaka Bugolora, alafu ndio livuke maji kuja kwetu, tena sio kila siku, wakati mwingine yanakuja ya siku tatu kwa pamoja. Redio tunayo lakini betri zinaisha, mawimbi yanakatika, na anayesikiliza yuko na kazi zake mkononi, hakai na kalamu.

Machi 2025 mpwa wangu, mtoto wa dada, ana diploma ya uhasibu na alikuwa nyumbani mwaka wa pili, alisikia tangazo redioni Jumatatu jioni tarehe 10. Hospitali moja ya Mwanza mjini ilikuwa inatafuta mhasibu msaidizi, maombi yapelekwe kwa mkono au kwa posta, yawe yamefika kabla ya tarehe ya mwisho. Akaja mbio dukani kwangu, "Mjomba, nimesikia kazi, mwisho tarehe kumi na nane." Tukapiga hesabu tukaona muda upo, siku nane kamili, akaandika barua taratibu, akaenda Nansio Ijumaa ili athibitishe vyeti kwa wakili na Jumatatu apande meli. Sasa pale steshenari anapotoa fotokopi akakuta gazeti limening'inizwa, tangazo lilelile, akalisoma mpaka chini. Mwisho Ijumaa tarehe 14, saa 9:30 alasiri. Na muda huo ilikuwa saa nane mchana yuko Nansio, Mwanza iko ng'ambo ya maji.

Kumi na nne, kumi na nane. Hebu yatamke kwa haraka kama msomaji wa redio anayekimbizana na muda wa tangazo aliolipiwa, alafu weka na mkwaruzo wa mawimbi juu yake, utaona hapo hamna mtu wa kumlaumu, si mtoto wala si mtangazaji. Lugha yetu ndivyo ilivyo, nne na nane zinapishana kwa irabu moja fupi tu, na iko hivyohivyo kwenye ishirini na nne na ishirini na nane.

Lakini kama mtangazaji angesema "Ijumaa tarehe kumi na nne" hili lisingetokea. Mwezi ule tarehe 14 ilikuwa Ijumaa na tarehe 18 ilikuwa Jumanne, sikio likikosea tarehe siku inakurudisha, Ijumaa na Jumanne hazifanani hata kwa mbali. Kwahiyo ombi langu la kwanza kwenu na kwa wenzenu wa redio ni hilo tu, tajeni siku pamoja na tarehe, na redioni tarehe ya mwisho isomwe mara mbili, mwanzoni na mwishoni, maana wengi tunafungulia redio tangazo limeshafika katikati.

Hiyo siku ya wiki ina faida nyingine ambayo mimi nimekuja kuigundua baadae. Saivi matangazo mengi yanatufikia kama picha za wasapu, mtu wa Nansio anapiga picha gazeti anarusha kwenye grupu, na picha inazunguka hata mwaka mzima. Kama imeandikwa "Ijumaa 14 Machi" unafungua kalenda, mwaka 2025 inakubali, mwaka 2024 tarehe 14 Machi ilikuwa Alhamisi, haikubali. Kwa hiyo picha ikikwambia Ijumaa na kalenda ya mwaka huu inakwambia siku nyingine, tangazo ni la zamani au kuna mtu kalichezea, usipoteze nauli. Na mnaopiga picha jamani, pigeni ukurasa mpaka juu kabisa pale penye jina la gazeti na tarehe yake. Kuna matangazo hayana tarehe ya mwisho, yanasema tu "ndani ya siku 14 kuanzia tarehe ya tangazo hili", sasa ukikata picha ukaacha tarehe ya juu umetutumia tangazo lisilo na mwisho.

Hizo siku 14 nazo tusidanganyane nazo. Tuchukue gazeti la Jumatatu tarehe 3 Machi mwaka huohuo. Ukihesabu siku ya gazeti kuwa ndio ya kwanza, ya kumi na nne inaangukia Jumapili tarehe 16, ukianza kuhesabu kesho yake unapata Jumatatu tarehe 17, na kwa kuwa hujui mwajiri anahesabu vipi unashika ile ndogo. Jumapili ofisi imefungwa, Jumamosi ofisi nyingi pia, kwahiyo kwa barua ya kupeleka kwa mkono siku yako ya mwisho hasa ni Ijumaa tarehe 14. Gazeti kwetu limefika Alhamisi tarehe 6. Yani zile siku 14 za kwenye karatasi huku zimebaki nane au tisa, na ndani yake kuna Jumamosi na Jumapili ambazo wakili hayupo ofisini.

Baada ya yale ya mpwa wangu tukaacha kuhesabu kwa kwenda mbele, yani kusema "leo tarehe 10, bado siku nne". Tunahesabu kurudi nyuma kuanzia mlango wa ofisi. Chukua tangazo lilelile la hospitali, tuseme tungelisikia sawasawa Jumatatu jioni. Barua iwe mapokezi Ijumaa kabla ya saa 9:30, kwahiyo mtu awe ameshafika Mwanza Alhamisi jioni, kwasababu ukisema upande meli Ijumaa asubuhi ikichelewa au ziwa likichafuka umekwisha. Ili uondoke Nansio Alhamisi, fotokopi na muhuri wa wakili viishe Jumatano. Ili uwahi wakili Jumatano uvuke Bugolora asubuhi ya Jumatano hiyohiyo, basi barua na sivii viwe tayari Jumanne usiku. Umesikia Jumatatu jioni, una siku moja, Jumanne tu. Inatosha kwa mtu ambaye vitu vyake viko tayari. Kama cheti cha kuzaliwa bado hana, haitoshi, na hapo bora ajue mapema aiache hiyo nauli kwa tangazo lijalo.

Kwahiyo sasa hivi mpwa wangu ana bahasha ya kaki kwenye sanduku, ndani kuna nakala tano za kila cheti zilizogongwa muhuri wa wakili siku moja kwa safari moja, cheti cha kuzaliwa, picha ndogo za pasipoti, na sivii yenye wadhamini watatu ambao aliwapigia mwenyewe kuwaomba na kuhakikisha namba zao zinapatikana. Barua ya maombi ameshaiandika kasoro sehemu nne, tarehe, cheo cha anayeandikiwa, nafasi anayoomba, na ile aya moja inayojibu sifa walizotaja. Hiyo aya hawezi kuiandika kabla, lazima alione tangazo, kama wametaja anayejua kutunza stoo ya dawa basi ataje alivyofanya mazoezi kwenye stoo.

Kitu kilichotuchukua muda kuliko vyote ni cheti halisi cha kidato cha nne. Alikuwa na ile karatasi ya matokeo tu, na matangazo ya serikali karibu yote yanasema wazi kwamba hati ya matokeo haipokelewi, wanataka cheti chenyewe. Cheti kilikuwa shuleni alikosoma na hakuwahi kukifuata. Hili haliwezekani ndani ya siku 14 ukijumlisha na safari zetu, na ndilo naona linawatoa vijana wengi hapa kisiwani, pamoja na majina kutofanana, cheti cha kuzaliwa kina majina mawili cha shule kina matatu, hapo inabidi kiapo kwa wakili, nayo ni safari nyingine.

Kwa kazi za serikali zinazopitia Sekretarieti ya Ajira ni tofauti kidogo, hizo huombwi kusafirisha karatasi, unaomba kwenye portal.ajira.go.tz, gazeti au redio inakuamsha tu. Ila akaunti kule inataka namba ya NIDA, barua pepe na vyeti vilivyoskaniwa, na barua ya maombi ni lazima iwe imesainiwa ndipo uiskani. Tulichofanya tumeifungua siku ya kawaida isiyo na tangazo lolote, pale Nansio kwenye intaneti nzuri, vyeti vyote vikapandishwa siku hiyo. Tangazo likitoka kimebaki kipande kidogo ambacho hata mtandao wa kusuasua unakiweza.

Kuhusu redio, hapa mtaani tumegawana. Mimi asubuhi kwasababu niko dukani, mama mmoja anayeanika dagaa anasikiliza mchana, jioni ni vijana wenyewe. Tangazo la kulipia kwa kawaida halisomwi mara moja likaisha, linarudi kwenye vipindi vingine au kesho yake, kwahiyo aliyelidaka mara ya kwanza anaandika kwenye daftari la dukani alichosikia na anaweka alama ya kuuliza pale ambapo hakusikia vizuri. Anayefuata kazi yake ni kusikiliza ile alama ya kuuliza tu. Likipotea kabisa tunapiga simu redioni kwenyewe, mapokezi, karatasi waliyoisoma wanayo, tumeshafanya mara mbili na wametusomea kwa upole mpaka namba ya sanduku la posta.

Ombi la mwisho Mhariri ni kwa waajiri kupitia kwenu. Mnapopokea tangazo lao waulizeni kama maombi yanatakiwa yawe yamefika tarehe ya mwisho au yawe yametumwa, yani muhuri wa posta wa siku hiyo unatosha? Kwa mtu wa Mwanza mjini hiyo ni sentensi ndogo tu, kwa sisi wa Ukara ni siku mbili au tatu nzima, na likiandikwa neno moja, "kufika" au "kutumwa", mtu anajua aende Nansio posta au atafute nauli ya meli.

Msomaji wenu,
Bwisya, Ukara