Mafundi wadogo wa Lamu, kabla hamjashika mkasi

Wanangu mnaopokea kazi kwa watsap, salamu alekum. Mimi nimekaa kwenye cherehani hapa Langoni mpaka macho yamechoka, na wiki hii nimekasirika.

Msichana aliacha kwa fundi mmoja yadi 3 za satini nyekundu, ashonewe gauni la kawaida la Idi, wakakubaliana vizuri. Jioni akatuma picha, maneno yake ni "kama hii" basi. Fundi akaona mwanamitindo kavaa nyekundu, akasema kabadilisha mshono huyu, akakata sketi ya mwamvuli. Kumbe mtoto wa watu anauliza mtandio wa dhahabu kama ule wa kwenye picha utaendana na gauni lake!

Nimeiona ile picha. Imekatwa kifuani, sketi haimo kabisa! Sasa huo mwamvuli fundi aliutoa wapi? Anayetaka kushonewa hutuma gauni zima mpaka pindo, na mara nyingi anaongeza ya mgongoni, au amekuza shingo na mkono uone mshono. Huyu kakuza kichwa na mabega, jicho lake liko kwenye mtandio. Na kitambaa chenyewe kilikuwa kinamwambia, maana mwamvuli kamili wa kiuno inchi 30 na urefu inchi 40 unakula yadi 5 za kitambaa cha upana wa inchi 60, hiyo ni sketi peke yake, mwili na mikono bado. Ukiletewa yadi 3 halafu ukaona mshono unataka 5, simama uulize! Yeye kaunga vipande, kiungo kikakaa kwenye nyonga, satini nayo ukiifumua matundu ya sindano yanabaki yanakutazama.

Picha yenye bei pembeni au jina la duka, huyo mara nyingi anataka kujua atainunua wapi au bei ni ya haki, usimpimie kiuno. Nguo imetandikwa kitandani kwake na viatu au mkoba kando, anataka kulinganisha. Lakini hizo ni dalili tu, zinadanganya, wengine wanakutumia picha ya dukani kwa sababu wanataka uwashonee kwa bei nafuu. Kwa hiyo uliza, "Unacho nini mkononi, nguo au kitambaa?" Ana nguo, analinganisha. Ana kitambaa, anashona, ila kama yule wetu ana kitambaa na mshono ulishakubaliwa, uliza tena, "Nitazame wapi kwenye picha?" Hana kitu, basi muulize anataka kununua au kushona.

Na nyie wateja msicheke. Mtu anaongea saa nzima barazani habari za harusi ya jirani, akifika kwa fundi maneno mawili. Tuma sauti basi, bando unalo!

Yule msichana nimempa mabaki yangu ya satini aongezee kiunoni, rangi haikukaa sawasawa, atafunika na mtandio. Fundi alipe kitambaa.