Barua kwa mwanangu: majibu hayo kahakiki nani?

Muheza

Mwanangu,

Marahaba, ingawa shikamoo yenyewe uliitupa mwisho wa simu, salio likiwa linakatika. Huku hatujambo. Baba yako ni goti lile lile, na mvua imepata njia mpya pale juu ya kabati la vyombo. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kila nikikupigia unasema uko diskasheni, na kuna neno ulilisema Jumapili ambalo halijanitoka. Ulisema kundi lenu mko watano, kila mtu anatunga maswali kutoka kwenye notsi zake na kumpa mwenzake ayajibu, na mmeshafikisha maswali 210. Nilifurahi, sikufichi. Nilipokuuliza majibu anahakiki nani, ukanijibu, "Aliyetunga si ndiye anajua, mama." Tangu hapo usingizi wangu ni wa kuvizia.

Aliyetunga ni mwanafunzi kama wewe. Analijua jibu kwa kadiri daftari lake linavyolijua.

Chukua swali ulilonisomea mwenyewe, kwa sauti ile ya mtu anayesubiri kusifiwa. Mtoto mwenye kilo 12 ana homa. Siropu ya parasetamo ina miligramu 120 katika kila mililita 5. Apewe mililita ngapi kwa mara moja? Ukaweka majibu manne: 5, 7.5, 10 na 20. Sahihi ukasema ni 7.5, na ukanieleza vizuri ulivyolipata: miligramu 15 kwa kila kilo, mara kilo 12, ni 180; 180 gawa kwa 120 ni moja na nusu; moja na nusu mara mililita 5 ni 7.5. Hesabu haina doa. Halafu ukacheka kwamba yule mwenzako wa Kigoma alichagua 5.

Mwenzako hakukosea. Dozi ya parasetamo kwa mtoto ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo. Ukitumia 10, unapata miligramu 120, ambazo ndizo mililita 5 kamili. Swali lako lina majibu mawili sahihi, na ninyi mmemfundisha mtu aliyekuwa anajua kwamba hajui. Atakwenda nalo hivyo hadi chumba cha mtihani.

Nikakuomba picha ya ukurasa. Umeandika "15 mg/kg" basi, hakuna kumi. Nikakuuliza wenzako wameandika nini, ukasema wote wana hivyo hivyo kwa sababu siku ile mlipiga picha daftari la mmoja. Hapo ndipo roho yangu iliporuka. Watu watano wanaulizana, wanakubaliana, wanapeana alama, na wote wamekunywa kisima kimoja. Hamwezi kuligundua kosa kwa kuulizana zaidi. Mtazidi kulikaza tu.

Sikwambii uache. Nilipokuwa nasimamia wanafunzi wa mazoezi wodini tulipelekwa semina, wakatueleza jaribio la Wamarekani wawili, Roediger na Karpicke, la mwaka 2006. Wanafunzi walisoma kifungu, kisha wengine wakakisoma tena, wengine wakaandika walichokikumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliojipima walikumbuka kama asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Kwa hiyo ukiniambia kwamba ukijibu maswali ya wenzako unajiona mjinga kuliko ukisoma notsi, nakuelewa, na usiache. Lakini ona na upande wa pili wake: kama kujipima kunakaza kilicho sahihi, na jibu la uongo ulilopewa tiki linakazwa vile vile. Ndiyo sababu nakuuliza tena, majibu hayo kahakiki nani?

Fanyeni hivi. Swali lipite mikono mitatu kabla halijahesabiwa. Wa kwanza anatunga, na nyuma ya karatasi anaandika jibu, tarehe ya kipindi na ukurasa wa notsi alikolitoa. Wa pili halijibu. Kazi yake ni kulitafuta jibu nje ya notsi, kwenye kitabu au kwenye mwongozo wa taifa wa matibabu, na kuandika ukurasa wake kando ya ule wa kwanza. Asipoliona, swali haliendi mbele, linasubiri mwalimu wa somo. Wa tatu ndiye anayejibu, peke yake, bila simu, siku mbili tatu baadaye. Juma linalofuata mnazungusha, aliyetunga sasa ahakiki. Na usimpe mtu kutunga mada anayoipenda. Ulinionyesha kwamba wewe kila mara unatunga za watoto, ndizo unazozijua. Tunga za figo, unazozikimbia.

Mkifanya hivyo mtatoa maswali machache. Manne kwa kila mtu kwa wiki ni mengi ya kutosha, yaani 20 kwa kundi, na kwa wiki tatu zilizobaki ni 60. Najua utasikitika, maana 210 inapendeza kuitaja. Hayo mliyonayo msiyatupe, ila lile lisilo na ukurasa liwekeni kando hadi lipate ukurasa. Wewe toka mdogo ulikuwa hivyo, unahesabu ndoo ulizochota wala huangalii pipa linavuja wapi. Na shuleni nilikusifu kwa hesabu hizo hizo, kwa hiyo lawama yote isiwe yako.

Turudi kwenye swali la mtoto, maana ni zuri, limetungwa ovyo tu. Kwanza, ndani ya swali lenyewe andika "kwa dozi ya miligramu 15 kwa kila kilo." Ubishi umekwisha. Pili, yatazame majibu yako ya kupotosha. Hilo la 20 umelitupia tu. Ni miligramu 480, na hata shangazi yako angelishangaa. Jibu la uongo linafaa pale tu ambapo kuna kosa la kweli linalomfikisha mtu hapo. Weka 1.5, atakayeangukia ni yule anayegawa 180 kwa 120 akasahau kuzidisha kwa 5. Weka 3.3, huyo amegeuza, amegawa 120 kwa 180. Acha 5 ibaki, kwa yule asiyesoma swali akatumia kumi kwa mazoea. Sasa mwenzako akikosea, herufi aliyochagua inakwambia amepotelea wapi, nawe unamrekebisha kwa dakika moja badala ya kumhubiria somo zima. Usinijie na "yote hapo juu ni sahihi." Hiyo huwekwa na mtu aliyechoka kutunga.

Na mkikaa Jumamosi msipitie maswali yote. Mnapoteza saa mbili kusoma yale ambayo kila mtu amepata. Pitieni yale mliyotofautiana. Wote wakipata, ama ni jepesi ama umenakili sentensi ya notsi neno kwa neno, na watu wameitambua kama sura ya mtu wa mtaani. Wote wakikosa tena kwa herufi ile ile, usianze kuwacheka. Shuku karatasi ya majibu kwanza. Wakitawanyika kila mtu na herufi yake, basi mada hiyo hamjaielewa wote, au swali limeandikwa kwa Kiingereza kibovu. Na ukiona mtungaji anaanza kueleza, "nilimaanisha kwamba...", swali hilo halijaiva, lirudi kwake. Mtihani hauna mtungaji wa kusimama karibu akueleze alichomaanisha.

Utasema mama amezidisha. Nikupe kisa. Chuoni kwetu nasi tulikuwa na kundi, saba, tukatungiana maswali namna hiyo hiyo, kwa kalamu na karatasi za kaboni. Kulikuwa na moja la dripu: mililita 500 ziingie kwa saa 4, matone mangapi kwa dakika? Karatasi ya majibu ikasema 31. Tukalijibu wote, tukalishika, hata usiku ukiamshwa ungesema thelathini na moja. Kwenye mtihani likaja vile vile, ila limetaja mpira unaotoa matone 20 kwa mililita, kwa hiyo jibu ni 42. Aliyetunga letu alihesabu kwa mpira wa matone 15, wala hakuandika. Watu walikuwa hawasomi tena swali, waliona 500 na saa 4, wakaweka 31. Mmoja wetu alirudia mtihani wa somo lile kwa alama chache sana. Mwandiko wa ile karatasi ya majibu ungeuona leo ungeutambua, maana ndio unaousoma hapa.

Hilo baba yako halijui. Si lazima alijue.

Haya. Nimekutumia machungwa boksi moja kwenye basi, kondakta ana namba yako, usizime simu. Wape na wenzako wa kundi, hasa huyo wa Kigoma, na umwambie kuhusu ile mililita 5 kabla hajaanza kumenya. Chini ya machungwa kuna neti mpya, ile ya zamani ilete likizo niishone. Shilingi 20,000 za kurudufisha karatasi nimekutumia jana. Kaka yako alichukua 5,000 humo ya dawa ya mbuzi, atakurudishia, ingawa mimi si mdhamini wake. Fundi wa paa anasema mabati matatu, baba yako anasema moja linatosha, tunasubiri nani atachoka kwanza.

Swali la mtoto liandike upya kama nilivyokueleza, unipigie picha na nyuma ya karatasi, nione kurasa zote mbili. Nitalijibu bila kutazama kitu, nawe uniambie nimeweka herufi gani. Na boksi usilitupe, ni la jirani.

Mama yako